Kadi ya Fundi Si Ukuta wa Kampeni

Nyinyi madizaina wa mtaani, mnaotengenezea mafundi wa nguo kadi, leo nawasema. Kadi ina milimita 85 kwa 55. Hapo mnabandika cherehani mbili, nambari tatu za simu, kazi kumi na moja, bei zote, na "Karibuni Nyote" kwa herufi za kung'aa. Halafu mama mtu mzima, miwani kasahau nyumbani, atasoma vipi?

Kuna fundi Likoni, kadi yake ilikuwa hivyo hivyo. Kanzu iliandikwa 1,200. Bei ikapanda hadi 1,500, na kadi mia mbili bado zimejaa kwa droo. Akawa anakata kwa biro. Mteja anakuja na kadi ya zamani, anadai bei ya zamani, na kusema kweli ana haki, si imeandikwa?

Basi bei zikatoka kwa kadi. Kadi inakaa kwa pochi mwaka mzima, bei haikai. Zikabaki jina la duka, "Kanzu, madera, sare za shule", na nambari moja tu, ile ya WhatsApp, imegawanywa nne, tatu, tatu ndio mtu aipige bila kuhesabu vidole. Mambo ya kupunguza suruali na kuweka zipu hayakuandikwa. Kila mtu anajua fundi hufanya. Mahali tukaandika kituo cha kushukia matatu na duka la jirani, maana huku nani anatafuta nyumba kwa namba?

Nyuma tukaacha tupu. Dizaina akalia eti nafasi inapotea. Inapotea wapi, bwana? Hapo fundi anaandika tarehe ya kuchukua nguo na pesa iliyobaki. Ila karatasi iwe isiyong'aa, la sivyo wino wa biro unateleza na kufutika kwa kidole.

Bei zikaenda kwa kipeperushi. A4 moja ukiikata vipande vinne sawa unapata A6 nne, kwa hivyo vipeperushi mia ni karatasi 25 tu. Bei zikipanda, unatoa kopi nyingine. Nguo kushoto, bei kulia zimepangwa wima, na juu mwezi na mwaka. Chini ya kila kundi, "kitambaa chako" au "kitambaa chetu". Hilo neno moja ndilo huleta ugomvi dukani: mtu ameona dera 500, kumbe ni ushonaji tu.

Najua mtasema mteja asipoona bei kwa kadi ataogopa, adhani ni ghali. Sawa, mpe vyote viwili. Lakini kabla ya kuchapisha, toa nakala moja kwa saizi yake halisi, si kwa simu ambapo unavuta picha ikawa kubwa. Inyooshee mkono, usome nambari. Ukikunja macho, toa kitu kingine. Anza na zile cherehani.