Farasi wa Alphard ni wa Kijapani

INJINI NA KARATASI
Na Hamisi Mbwana

Shemeji yangu anayeishi Leicester, Uingereza, alinipigia simu Jumapili jioni. Alphard aliyoagiza Japani ilikuwa imefika, imekaguliwa na kupewa namba, na hati ya usajili imeingia mlangoni kwa posta. Alipopeleka taarifa kwa kampuni ya bima akaulizwa swali asilolitarajia: je, injini ya gari hili imeongezwa nguvu?

"Shemeji, mimi hata boneti sijaifungua," aliniambia. "Wameona nini?"

Walichokiona ni mstari mmoja. Hati ya usajili ya Uingereza, ile inayoitwa V5C, ina mstari wenye alama P.2, ambao ni nguvu halisi ya juu ya injini kwa kilowati. Hati yake iliandikwa 127. Orodha ya bima kwa Alphard ya aina ile ilisema 125. Kilowati mbili hazitoshi hata kupandisha gari kilima cha Kitonga, lakini kwa mtu anayepanga bei ya bima, injini inayozidi ile iliyotoka kiwandani inamlazimu aulize.

Gari lenyewe halikuwa na kasoro. Kosa lilitoka kwa wakala aliyejaza fomu, naye alilifanya kwa kalamu na kikokotoo, akiamini kwamba farasi ni farasi.

Sisi wa Dar, Mombasa na Unguja tumezoea kuulizana cc. Gari ni la cc ngapi, ndipo tujue ushuru. Nguvu farasi ni habari ya kijiweni. Kwa hiyo mtu wetu akihamia Ulaya na kukutana na mstari wa kilowati, anaingia mtandaoni, anaokota namba ya kuzidishia ya kwanza anayoiona, anazidisha na kuandika. Wakala yule naye hakufanya zaidi ya hapo, na tofauti ni kwamba yeye alilipwa.

Cheti cha kusafirisha gari nje ya Japani hakisaidii hapa, na inafaa msomaji alijue hilo kabla hajaanza kukipekua. Kina namba ya chesisi, aina ya gari, aina ya injini, ujazo wa injini kwa lita, mafuta, uzito, hata urefu na upana. Nguvu ya injini haimo. Cha shemeji kilisema aina ya gari ni DBA-ANH20W, injini 2AZ, ujazo lita 2.36. Nguvu ilibidi itafutwe kwingine, na wakala akaipata kwenye tangazo la muuzaji: farasi 170.

Sasa tuulize ni farasi gani. Wako wawili, na hawalingani.

Wa kwanza ni wa Kiingereza, aliyeasisiwa na James Watt alipokuwa akiuza injini zake za mvuke. Kazi yake ni kuinua ratili 550 futi moja kwa sekunde, na kwa vipimo vya leo hiyo ni wati 745.7. Wamarekani humwandika hp, na Waingereza humwandika bhp kwenye matangazo yao ya magari.

Wa pili ni wa kipimo cha mita, waliyemtumia Wajerumani na kisha Wajapani, anayeandikwa PS. Mfikirie mpagazi anayeinua gunia la kilo 75 mita moja juu kwa sekunde moja. Zidisha 75 kwa mvuto wa dunia, 9.80665, unapata wati 735.5. Huyu ni mdogo kuliko mwenzake kwa takribani asilimia moja na nusu. Kwa hiyo kanuni ni mbili:

```
kW = PS × 0.7355
kW = hp (au bhp) × 0.7457
```

Asilimia moja na nusu hupotea kwenye pikipiki. Kwenye injini ya farasi 170 haipotei, maana hati huandikwa kwa namba nzima na tofauti inaonekana wazi. Tufanye hesabu ya Alphard. Farasi 170 wa Kijapani mara 0.7355 ni 125.03, nawe unaandika 125. Wakala alizidisha hao hao 170 kwa 0.7457, akapata 126.77, akakadiria 127. Ndipo bima ikashtuka.

Kosa huenda upande wa pili pia. Muuzaji wa Kiingereza akiitangaza Alphard hiyo hiyo ataandika bhp 168, na hakudanganya, kwa sababu 168 mara 0.7457 ni 125. Lakini mtu aliyesikia kwamba gari la Japani hupimwa kwa PS akizidisha 168 kwa 0.7355 ataandika 124. Injini moja, isiyoguswa hata na spana, imekwisha kuwa na majibu matatu.

Kuna njia ya kujikagua niliyomfundisha shemeji kwa simu. Chukua kilowati zilizoandikwa, zigawe kwa 0.7355. Viwanda vya Japani hutangaza PS kwa namba nzima, basi ukigawa 125 unapata 169.95, yaani 170, na unajua uko nyumbani. Ukigawa 127 unapata 172.7, injini ambayo Toyota hawakuitangaza kwa gari lile. Njia hii haithibitishi kila kitu, ila inamkamata aliyechanganya farasi.

Lakini maoni yangu hasa ni haya: kwa gari la Japani la miaka hii, mtu hapaswi kubadili chochote. Kilowati zimeshaandikwa na mtengenezaji mwenyewe. Katalogi za Toyota za miaka hii zina safu ya nguvu ya juu inayoanza na kilowati, kisha PS ndani ya mabano, kisha mizunguko ya injini kwa dakika. Ya ANH20W inasomeka 125(170)/6,000. Kujua Kijapani si lazima. Unatafuta aina ya gari kama ilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi, unashuka hadi mstari wenye kW, unanakili namba ya kwanza. Nasema wazi kwamba wakala anayetoza fedha kwa kujaza fomu ana wajibu wa kuambatisha ukurasa huo pamoja na cheti. Tangazo la muuzaji si ushahidi.

Herufi kwa herufi nimeisema kwa sababu. Alphard iliyotangulia, ANH10W, ina injini ya 2AZ vilevile na ujazo ule ule, lakini katalogi yake inasema 117(159)/5,600. Anayetafuta kwa jina la injini peke yake atampa mwenye gari kilowati nane zisizo zake, na hapo hakuna kanuni ya kuzidisha itakayomwokoa.

Kwenye safu hiyo ya katalogi kuna neno dogo la Kijapani, ネット, linalosomwa netto. Maana yake ni kwamba injini ilipimwa ikiwa imebeba vitu vyake: altaneta, pampu ya maji, chujio cha hewa, ekzosi. Hiyo ndiyo nguvu halisi inayotakiwa na P.2. Zamani injini zilipimwa zikiwa tupu juu ya kitanda cha karakana, na namba ikawa kubwa kuliko gari lilivyoweza barabarani. Mfano wake mkubwa uko Marekani. Cadillac Eldorado ya mwaka 1971 ilitangazwa kuwa na farasi 365. Ya 1972, kwa injini ile ile ya lita 8.2, ilitangazwa kuwa na 235. Hakuna aliyewaiba farasi 130. Kilichobadilika ni namna ya kupima. Ukiibadili ile ya kwanza unapata kilowati 272, ya pili 175, na hesabu zote mbili ni sahihi. Ila moja tu inafaa kuandikwa kwenye hati. Magari ya Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 yana shida hiyo hiyo. Mwenye gari la namna hiyo atafute kipimo halisi cha mtengenezaji. Kutoka kipimo kitupu hakuna namba moja ya kuzidishia itakayokufikisha huko.

Niwakumbuke ndugu zetu wa Lubumbashi, na waliohamia Ufaransa. Kule kuna farasi wa tatu, wa kodi, anayeandikwa CV. Vinyeti ya gari Kongo hutozwa kwa hao CV, na hati ya Ufaransa huwaweka kwenye mstari wa P.6, mbali na kilowati za P.2. Farasi wa kodi ni daraja la malipo. Gari la kawaida la CV 10 ukilizidisha kwa 0.7355 unapata kilowati saba, nguvu ya pikipiki ya bodaboda. Namba ikitoka ndogo kiasi hicho, rudi utazame ni mstari gani ulioukopi.

Shemeji alirudisha hati DVLA, Swansea, pamoja na ukurasa wa katalogi na nakala ya cheti cha Japani, namba ya aina ya gari akiwa ameizungushia wino kwenye karatasi zote mbili. Hati mpya ikaja na 125. Bima hawakuuliza tena.

Lakini jirani yake, Mzanzibari mwenzetu, ameiona Alphard akaipenda, naye anataka ya haibridi, ATH20W. Amepata kwenye katalogi injini ya kilowati 110, mota ya mbele ya 105 na mota ya nyuma ya 50. Akazijumlisha, akapata 265, akaniuliza kama ndiyo ya kuandika.

Hapana, kaka. Umeme wa mota hizo hutoka kwenye betri, na kwenye jenereta inayozungushwa na injini hiyo hiyo. Hakuna wakati vyote vitatu vinapewa chakula cha kushiba kwa pamoja, ndiyo maana Toyota wenyewe wanasema gari zima hutoa kilowati 140, si 265. Na hizo 140 nazo ziache. Kwenye hati hizi herufi P ni ya injini: P.1 ujazo wake, P.2 nguvu yake, P.3 mafuta yake. Ujazo utakaouandika ni wa injini, basi na nguvu iwe ya injini hiyo hiyo. Andika 110, na ukurasa wa katalogi uufunge kwa pini nyuma ya fomu.