Mkupuo au Tukio kwa Tukio: Namna Mbili za Kujaribu Kanuni ya Biashara

Mwanafunzi aliyekwisha kuzijua hesabu za asilimia aweza kubuni kanuni ya kununua na kuuza hisa. Akitaka kujua kama kanuni hiyo ingaliweza kumletea faida, huijaribu kwa bei za siku zilizopita. Kazi hii hufanywa kwa kompyuta kwa namna mbili. Ya kwanza huzichukua bei zote kama safu moja ya namba, na kuikokotoa safu nzima kwa mkupuo. Chombo kitumikacho sana ni `pandas`, maktaba ya lugha ya Python ambayo Wes McKinney alianza kuitunga mwaka 2008. Ya pili huipitisha programu katika siku moja baada ya nyingine, kila bei ikiwa ni tukio linalojibiwa kabla ya tukio jingine kufika.

Wako wasemao kwamba namna ya pili ndiyo ya kweli, na ya kwanza ni ya wavivu. Sikubaliani nao, wala sikubaliani na wale wanaoitumia ya kwanza kwa kila jambo. Kwa maoni yangu swali la kuamua ni moja tu: je, uamuzi wa leo hutegemea bei peke yake, au hutegemea pia yaliyoupata mfuko wetu hapo jana?

Tuanze na kanuni inayotegemea bei peke yake: bei ya kufunga ikipanda, tushike hisa, ikishuka, tusiwe na hisa. Tuseme bei za siku sita ni shilingi 100, 104, 101, 105, 102 na 106. Kwa njia ya mkupuo hesabu yote ni mistari michache:

```python
r = bei.pct_change()
ishara = (r > 0).astype(int)
kosa = (1 + ishara * r).prod() - 1
sawa = (1 + ishara.shift(1) * r).prod() - 1
```

Mstari wa tatu hutoa faida ya asilimia 12.4. Mstari wa nne hutoa hasara ya asilimia 5.7. Kanuni ni ile ile na bei ni zile zile. Kilichobadilika ni neno `shift(1)`. Katika mstari wa tatu ishara ya siku ya pili imezidishwa na badiliko la siku hiyo hiyo ya pili, kana kwamba tulinunua kwa shilingi 100 baada ya kuiona bei ikifunga kwa 104. Huko ni kuichungulia kesho. Mstari wa nne huisogeza ishara mbele kwa siku moja: tukiona 104 jioni, tunashika hisa siku ya tatu, nayo hushuka mpaka 101, tukiona 105, tunashika siku ya tano, nayo hushuka mpaka 102. Katika bei zinazopanda na kushuka kwa zamu namna hii, kanuni hiyo haina budi kupata hasara.

Hii ndiyo hatari kubwa ya njia ya mkupuo. Safu nzima iko mbele ya programu, kesho pamoja na jana, na hakuna kinachoizuia kusoma kesho ila uangalifu wa mwandishi. Dawa ya kwanza ni kuichelewesha ishara kwa siku moja zaidi na kulinganisha. Iwapo faida nono yatoweka yote kwa kuchelewa huko, na kanuni inahusu mwenendo wa majuma mengi, shuku hesabu kabla ya kuishangilia. Tena ikumbukwe kwamba hata mstari wa nne hudhani tumenunua kwa ile ile bei ya kufunga iliyotupa ishara, jambo ambalo ni nadra kuwezekana. Yafaa kutumia bei ya kufungua ya siku ifuatayo, na kutoa ada ya dalali.

Mambo hayo yakizingatiwa, sioni sababu ya kuikimbia njia ya mkupuo. Fadhila yake ni wepesi. Tukitaka kujaribu vipimo 50 vya namna moja kwa 50 vya namna nyingine, tunapata majaribio 2,500. Tuseme kila jaribio huchukua nusu sekunde: kazi yote itakwisha kwa dakika 21 hivi. Tuseme njia ya matukio huchukua dakika moja kwa kila jaribio: kazi itazidi saa 41. Hata hivyo wepesi huo nao una mtego. Kati ya kanuni 2,500 zisizo na maana yoyote, kama 125 zitafaulu kwa bahati tu kipimo kinachoruhusu kosa la asilimia 5. Kwa hiyo njia hii ifanye kazi ya ungo: itupe makapi, wala isitangaze mshindi.

Mambo hubadilika pale kanuni inapokutana na soko lenyewe. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, ziko hisa zinazopitisha siku nzima bila kuuzwa hata moja. Safu ya bei itaonyesha bei ya mwisho ikirudiwa, na njia ya mkupuo itadhani kwamba tumenunua kwa bei hiyo, ilhali hakuna aliyeuza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Twataka hisa 1,000 kwa shilingi 500, na tumejiwekea sharti la kutochukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya hisa zinazouzwa kwa siku. Siku ya kwanza zauzwa hisa 4,000 kwa 500. Siku ya pili haiuzwi hata moja. Siku ya tatu zauzwa 2,500 kwa 530. Basi tumepata hisa 400, kisha hakuna, kisha 250. Bei ikifika 560 na tukaweza kuziuza zote, mkupuo utaandika faida ya shilingi 60,000. Faida iliyo halali ni 24,000 na 7,500, yaani 31,500 kabla ya ada. Tena zimebaki hisa 350 za agizo ambalo halikutimia: je, lifutwe, na fedha zake zinunue hisa nyingine?

Swali hilo haliwezi kujibiwa na safu ya bei; hujibiwa na daftari. Katika njia ya matukio, bei huingia, kanuni hutoa agizo, sehemu iigizayo kazi ya dalali huamua ni kiasi gani kimepatikana na kwa bei gani, na daftari la fedha na hisa hurekebishwa ndipo tukio jingine liingie. Kesho haionekani kwa kuwa haijaletwa.

Hata hivyo njia hii haijui lisiloandikwa. Tumenunua kwa 100, tunakusudia kuuza ikifika 110 au ikishuka mpaka 95; takwimu za siku zasema bei ya juu ilikuwa 112 na ya chini 93. Ipi ilitangulia? Takwimu za siku hazisemi. Mwaminifu huandika hasara.

Basi ushauri wangu ni huu: chuja kwa mkupuo, na kanuni chache zinazosalia zipitishe tukio kwa tukio mara fedha, maagizo au uchache wa wauzaji unapoingia katika uamuzi. Na kabla ya hapo, ipitishe kanuni moja nyepesi kwa njia zote mbili, bila ada wala vikwazo. Majibu yakitofautiana, mojawapo ina kosa, na kazi ya kwanza ni kulitafuta.