Unabadilisha akaunti ya benki? Maneno matamu hayamtulizi mteja

Ukitaka kumwambia mteja kwamba masharti ya malipo yamebadilika, na akaunti ya benki pia, ni rahisi kuogopa kumshtua. Kwa hivyo wengi huanza na shukrani ndefu, kisha habari yenyewe wanaificha mwisho: "Kumbuka pia akaunti yetu mpya ni hii." Maoni yetu ni kwamba imeili ya namna hiyo ndiyo inayoshtua zaidi, kwa sababu inafanana kabisa na ya matapeli.

Tapeli huingia kwenye imeili ya muuzaji, au hufungua anwani inayofanana nayo, tofauti ikiwa herufi moja tu. Anasubiri invoisi itoke, halafu anaandika kwa upole: akaunti ya zamani inakaguliwa, lipa kwa hii. Mteja akituma, pesa inatolewa haraka. Muuzaji naye bado anadai, na kila mmoja anamwona mwenzake mkora.

Ndiyo maana tunasema imeili itoe habari, lakini isibebe nambari ya akaunti. Mwambie mteja akupigie kwa nambari ya simu aliyo nayo tangu zamani, na usiiandike kwenye imeili hiyo. Ukiiandika, tapeli naye ataandika yake, na mteja hatajua ipi ni ipi.

Jambo la pili ni tarehe. Chukua muuzaji wa jumla wa unga na mafuta Nakuru anayepunguza muda wa kulipa kutoka siku 30 hadi 14, kuanzia tarehe 1 Julai. Mwenye duka Molo ana invoisi ya tarehe 20 Juni ya shilingi 64,000. Kwa masharti ya zamani inafaa kulipwa tarehe 20 Julai. Akichukua mzigo mwingine tarehe 3 Julai, huo unafaa kulipwa tarehe 17 Julai, yaani deni jipya linatangulia la zamani! Usipomweleza mapema, ataona unamchezea. Kwa hivyo taja invoisi yake kwa tarehe na kiasi. Hiyo humtuliza kuliko "usijali" kumi.

Sisi tungeandika hivi:

"Habari Mama. Kuna mabadiliko mawili. Kwanza, mizigo ya kuanzia tarehe 1 Julai italipwa ndani ya siku 14, kwa sababu nasi tunaowanunulia wametupunguzia muda. Invoisi yako ya tarehe 20 Juni, shilingi 64,000, haiguswi. Utalipa kufikia tarehe 20 Julai kama tulivyokubaliana. Pili, tunahamia benki nyingine. Nambari ya akaunti hatuitumi kwa imeili. Dereva atakuletea barua yenye muhuri pamoja na mzigo, nawe utupigie kwa nambari yetu unayoijua tuisome pamoja. Akaunti ya zamani itabaki wazi hadi tarehe 30 Septemba. Ukilipa huko kabla ya hapo, pesa yako haijapotea."

Ona sentensi ya mwisho. Mteja hana haraka, na pale ambapo hakuna haraka, tapeli hana nafasi. Ukifunga akaunti ya zamani siku ileile unayotangaza mpya, umemlazimisha mteja akuamini bila kuuliza. Kwa hiyo usiifunge mpaka madeni yote ya zamani yalipwe.

Sasa wewe unayepokea imeili kama hii. Usijibu kwa kubonyeza jibu, kwa maana huenda anayejibu ni yuleyule tapeli. Piga simu. Ukishathibitisha, tuma kwanza bob 100, kisha muuzaji akuambie kwa simu kwamba imeingia, na akutajie kiasi kabla hujakitaja wewe. Kwa Paybill utaonyeshwa jina la biashara kabla ya kumaliza. Lisome lote, likiwa geni simama hapo. Kwa benki, usitegemee jina ulilojaza kwenye fomu, kwani nambari ndiyo inayopeleka pesa.

Na kama umeshatuma kisha ukashtuka, usimwandikie aliyekutumia imeili. Piga benki yako mara moja waombe benki iliyopokea izuie pesa hiyo, kisha ripoti polisi. Kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kuipata.

Kuna atakayesema simu na barua ya muhuri ni kazi nyingi kwa wateja 80. Ni kweli. Anza na wenye madeni makubwa, wale wadogo wasomewe nambari wanapokuja kuchukua mzigo. Mteja anayekupigia kuuliza kabla ya kulipa hajakutukana. Analinda pesa yake, na pesa hiyo ndiyo yako.