Goma: Honda CR-V zinalia kwenye kona, shoferi analaumiwa bure

Kwenye ronpuwe za Goma, Honda CR-V nyingi za zamani zinaguna kutoka nyuma zikikata kona kali polepole. Mwenye gari anamgombeza shoferi kwamba ameharibu gari kwenye mawe ya volkano. Mara nyingi si kosa la shoferi. Ni lita moja hivi ya mafuta ambayo hakuna aliyeibadilisha.

CR-V za magurudumu manne, tangu mwaka 1995 hadi kizazi cha 2011, zina pampu mbili ndani ya difu ya nyuma. Moja inazungushwa kutoka mbele, nyingine na magurudumu ya nyuma. Magurudumu ya mbele yakiteleza kwenye matope, pampu ya mbele inaizidi ya nyuma, na presha ya mafuta inabana sahani za klachi ili nyuma nayo isukume. Mafuta yakichoka, sahani zinashikana na kuachiana hovyo. Hapo ndipo gari linaguna na kutetemeka.

Kosa kubwa linafanyika garaje. Fundi anasema "mafuta ya difu hayabadilishwi", au anatia 80W-90 kama kwenye RAV4. RAV4 inayakubali kwa sababu mafuta ya difu yake hayapiti kwenye klachi ya namna hiyo. CR-V inataka Dual Pump Fluid II, jina linalosomwa kwenye kopo. Ukitia mazito ya gia, kelele inaongezeka na sahani zinaungua. Kuuza kazi hiyo kama "sevisi" ni kumwibia mteja.

Gari lililotoka Japani likiwa limetumika, bila kitabu cha matengenezo, lihesabiwe kuwa halijawahi kubadilishwa. Baadaye, kila kilomita 50,000 hivi si mapema kwa barabara zetu.

Kupima ni rahisi. Endesha dakika kumi na tano, nenda uwanja mtupu, kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole kulia, kisha kushoto. Mguno wa nyuma unaelekeza kwenye difu. Kelele ya tak-tak kutoka mbele ni jambo jingine.

Wakati wa kubadilisha, fundi afungue kwanza tundu la juu la kujazia. Akimwaga kabla, na tundu hilo likakataa kufunguka, gari litabaki kavu. Ajaze mpaka mafuta yachungulie kwenye tundu, gari likiwa sawasawa. Kisha lizungushwe tena. Mguno ukiendelea hata baada ya kubadilisha mara ya pili, sahani zimekwisha.

Familia iliyokodi gari kurudi Sake au Rutshuru na magodoro juu ya paa inalipa ili ifike. Gari ambalo nyuma haisukumi linaiacha kwenye matope, na nauli hairudishwi. Wenye magari wanunue kopo hilo kabla ya kumkata shoferi mshahara.