Ati Hatuna Kesho?

John Mbiti, Mkenya mwenzetu, aliandika 1969 kwamba kwa Mwafrika wakati unarudi nyuma, kutoka Sasa kwenda Zamani. Ya mbele, ukipita miaka 2 hivi, karibu hayapo. Ushahidi wake ni vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, lakini majina kakopa kwetu. Sasa mbona "mbele" akaiacha? Mi nikisimama steji Likoni naiona yote: matatu ijayo iko mbele yangu, iliyopita iko nyuma. Ndivyo tunavyosema mwezi ujao, mwezi uliopita, siku za nyuma. Waaymara wa Bolivia ndio kinyume: jana iko mbele ya macho kwa sababu washaiona, kesho iko mgongoni. Sisi kesho twaiangalia ikija.