Kopo la Mabilioni: Je, Linatibu Tumbo Lako?

Ukipita kwenye maduka ya dawa siku hizi, kuanzia Dar mpaka Morogoro mjini, hukosi kuona makopo ya probayotiki yenye maneno matamu: "bakteria bilioni 50", "kwa matatizo yote ya tumbo". Bei yake si mchezo, na wengi wetu tunafungua pochi bila hata kuuliza. Mwezi huu tuulize swali moja tu: ni kijidudu gani, na kwa ugonjwa gani?

Probayotiki ni vijidudu hai vinavyomfaidi mtu akivipata kwa kiasi cha kutosha. Shida ni kwamba havifanyi kazi moja. Mfano ni Laktobasilasi ramnosasi GG. Maneno mawili ya mwanzo ni ya ukoo tu. Herufi za mwisho, GG, ndizo zinazomtaja mwenyewe. Utafiti uliofanywa kwa GG haumpi sifa ndugu yake, kama vile leseni yako haimruhusu shemeji yako kuendesha gari.

Tuseme mwanenu wa miaka 3 kaumwa sikio, daktari kamwandikia amoksilini. Dawa hiyo inaua wadudu wabaya, lakini inafagia na wazuri walioko utumboni, ndiyo maana watoto wengine huharisha. Hapa kopo lina kazi. Mapitio ya tafiti 33, yaliyotolewa mwaka 2019, yalionyesha kuwa kati ya watoto 100 waliotumia antibayotiki peke yake, kama 19 waliharisha. Waliopewa na probayotiki walikuwa kama 8. Zilizofanya vizuri zaidi ni GG na hamira iitwayo Sakaromaisesi bulardi, kwa bilioni 5 au zaidi kwa siku. Anza mapema, pamoja na antibayotiki, usingoje mpaka aharishe. Hamira haiuawi na antibayotiki. GG ni bakteria, kwa hiyo mpe saa chache mbali na dawa. Lakini mtoto mwenye kinga dhaifu sana, au aliyelazwa akiwa na mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, asipewe bila daktari kuruhusu, maana vijidudu hivi vinaweza kuingia kwenye damu.

Sasa mtoto yuleyule, kopo lilelile, ila safari hii hajatumia dawa yoyote. Kaharisha tu ghafla, na kutapika juu. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watoto 971 wa namna hiyo. Nusu walipewa GG kwa siku 5, nusu unga usio na kitu. Kuharisha kulidumu kama saa 50 kwa makundi yote mawili. Kwa hiyo usipoteze muda dukani. Mtoto anahitaji ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14. Akiwa analegea, hanywi, macho yamezama au kinyesi kina damu, mkimbize hospitali.

Na wewe mkubwa unayejaa gesi kila ukinywa maziwa? Huenda tumbo lako halimeng'enyi laktosi, sukari iliyomo kwenye maziwa. Usidhani maziwa ya mbuzi wa Mgeta, huko juu Uluguru, yatakuokoa, nayo yana laktosi. Jaribu mtindi wenye bakteria hai, kwa sababu wanakusaidia kuimeng'enya. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali dai hili, kwa sharti kila gramu iwe na bakteria hai wasiopungua milioni 100. Madai mengine mengi ya watengenezaji iliyakataa. Mtindi uliochemshwa baada ya kuganda hauna tena bakteria hao.

Je, togwa? Mwaka 2003 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, hapo Morogoro, walichapisha uchunguzi wao na kukuta togwa imejaa bakteria wa jamii ya laktobasilasi pamoja na hamira, na inachachuka kiasi cha kuwatesa wadudu wabaya. Ni chakula kizuri. Lakini kila chungu kina mchanganyiko wake, na kukuta bakteria kwenye kinywaji si kupima kama wanatibu mtu. Atakayekuuzia togwa kama dawa ya vidonda vya tumbo kavuka mpaka.

Basi ukishika kopo, geuza nyuma. Tafuta jina kamili hadi herufi za mwisho, kisha idadi inayohakikishwa mpaka tarehe ya kuisha muda, siyo siku ya kutengenezwa. Halafu mwulize mfamasia: kijidudu hiki kilipimwa kwa ugonjwa wangu? Akijibu "ni nzuri kwa kila kitu", mrudishie kopo lake, mwende na mwenzi wako mkale mtindi.