Ukuta kwanza, kanuni baadaye



Dada yetu mmoja wa hapa Unguja, aliyeolewa Igalula kule Tabora, ametuletea karatasi ya mumewe. Nyumba yao ina vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, na nyuma kuna uani penye jiko, bafu na choo kimoja. Mume anataka wao na watoto wabaki vyumba viwili vya mbele, vinne vya nyuma apangishe. Kanuni kishaziandika: mlango ufungwe saa nne usiku, wageni wa kiume marufuku, na mpangaji mwanamume asikae uani mke anapopika.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonikera. Mume yuko dukani kutwa. Nani atamwambia mwanamume mgeni aondoke uani? Mke. Kwa hiyo kanuni iliyoandikwa kumsitiri yeye inamfanya askari. Na alfajiri akienda kutia udhu lazima apite milango minne ya watu asiowajua. Karatasi ya ukutani haimvishi mtu stara.

Kwanza mpango wenyewe ugeuzwe. Familia ichukue vyumba viwili vya nyuma pamoja na uani, wapangaji wakae vinne vya mbele na watumie mlango wa mbele. Korido ikatwe kwa ukuta palipo mpaka wa vyumba hivyo. Wapangaji wajengewe choo na bafu ubavuni mwa nyumba, usawa wa vyumba vyao, ili njia yao isipite chini ya dirisha la familia. Idadi ya vyumba vya kodi ni ile ile. Mume atasema ni gharama. Ni kweli, basi kodi ya miezi ya mwanzo ijenge. Kama kiwanja hakina nafasi ubavuni, apangishe wanawake watupu, na vyumba vichache.

Halafu kuna jambo ambalo mabibi harusi wetu wanaovuka maji hawaambiwi na somo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Bara na si huku kwetu, kifungu cha 59, inamkataza mume kuuza, kugawa, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe, hata kama nyumba ni ya mume peke yake. Akifanya hivyo, kwa kawaida haki ya mke kuendelea kukaa humo haiondoki. Nyumba ikiwa na hati, mke anaweza kuweka pingamizi kwa msajili wa hati. Isipokuwa na hati, aandike barua kwa mtendaji wa kijiji abaki na nakala. Haizuii kitu papo hapo, lakini ni ushahidi.

Simwambii agombane na mumewe. Namwambia asiseme “sawa” mbele ya mashahidi kabla ukuta haujasimama, na ufunguo wa mlango wa uani akae nao yeye.